Kampuni Ikikopa, Thamani Yake Hubadilika? Hesabu ya Modigliani na Miller Kabla na Baada ya Kodi

Katika vikao vya bodi na katika maandiko ya kuombea mikopo, hoja moja hurudi tena na tena: benki inatoza asilimia 12, wanahisa wanadai asilimia 20, basi kampuni ikope zaidi, ipunguze hisa, na gharama ya mtaji wake itashuka. Hoja hii huwavutia wengi kwa sababu tarakimu zake zote mbili ni za kweli. Kosa lake limo katika jambo lisilotajwa, nalo ni kwamba ile asilimia 20 haitabaki 20 baada ya kampuni kukopa. Franco Modigliani na Merton Miller, waliokuwa wakifundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Carnegie mjini Pittsburgh, walilithibitisha jambo hilo mwaka 1958 katika jarida la American Economic Review. Mwaka 1963 walirudi katika jarida hilohilo kusahihisha sehemu ya kodi, kwa maana hesabu yao ya kwanza ya kodi ilikuwa na dosari.

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba hizi ni nadharia mbili: moja ya dunia isiyo na kodi, ambamo deni halina athari kwa thamani ya kampuni, na nyingine ya dunia yenye kodi, ambamo deni huiongeza thamani hiyo. Kwa miaka mingi nimeamini kwamba mgawanyo huo ndio unaowapoteza watu wanapofika kwenye kazi halisi ya kutathmini kampuni. Nadharia ni moja. Kodi inachofanya ni kuongeza mdai wa tatu kwenye mapato yaleyale, na ukimweka mdai huyo kwenye hesabu, kanuni ya mwaka 1958 inabaki imesimama. Nitaionyesha kwa mfano mmoja wa tarakimu ambao tutaufuata hadi mwisho, na kiasi chote nitakiandika kwa milioni za shilingi ili kiwe rahisi kujumlisha.

Viwanda viwili vya alizeti

Tuchukue viwanda viwili vya kubuni vya kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida, vinavyofanana kwa kila kitu: mashine, wakulima wanaoviuzia mbegu, wanunuzi wa mafuta na wa mashudu, na hatari za msimu. Mwaka mbaya kila kimoja hupata faida ya milioni 400 kabla ya riba na kodi, mwaka wa kawaida milioni 1,000, na mwaka mzuri milioni 1,600, na kila hali ina uwezekano sawa wa kutokea. Wastani wake ni milioni 1,000 kwa mwaka, na tuseme unaendelea hivyo bila ukomo, mashine zikibadilishwa kadiri zinavyochakaa, na faida yote ikigawiwa kwa wenye haki nayo. Kwa sasa hakuna kodi yoyote.

Kiwanda A hakina deni. Kwa hatari ya biashara kama hii, wawekezaji wanadai asilimia 20 kwa mwaka, kwa hiyo thamani yake ni milioni 1,000 kugawanya kwa 0.20, yaani milioni 5,000, na zote ni za wanahisa. Kiwanda B kina deni la kudumu la milioni 2,500 kwa riba ya asilimia 12, hivyo kila mwaka kinalipa riba ya milioni 300, na wanahisa wake wanabaki na wastani wa milioni 700. Swali ni kama Kiwanda B kwa ujumla wake, deni na hisa pamoja, kinaweza kuwa na thamani tofauti na milioni 5,000.

Tuseme soko limependezwa na Kiwanda B kwa sababu kinatumia "fedha za bei nafuu", na likazipa hisa zake thamani ya milioni 3,000. Ukijumlisha na deni, kiwanda kizima kinaonekana kuwa na thamani ya milioni 5,500. Mwekezaji mwenye asilimia 1 ya hisa za B ana mali ya milioni 30, na anapokea wastani wa milioni 7 kwa mwaka. Anaweza kufanya hivi: auze hisa zake kwa milioni 30, akope yeye mwenyewe milioni 25 kwa riba ya asilimia 12, kisha anunue asilimia 1 ya hisa za Kiwanda A kwa milioni 50. Kutoka A atapokea wastani wa milioni 10, atalipa riba ya milioni 3, na atabaki na milioni 7 zilezile. Lakini alikuwa na milioni 55 mkononi na ametumia 50, kwa hiyo milioni 5 zimebaki mfukoni mwake tangu siku ya kwanza.

Jambo la kuangalia kwa makini hapa ni kwamba ulinganifu huu hauko kwenye wastani peke yake. Mwaka mbaya, asilimia 1 ya hisa za B ingempa milioni 1, kwa kuwa 400 kutoa 300 ni 100. Na kwa njia ya pili anapata milioni 4 kutoka A, analipa riba ya milioni 3, anabaki na milioni 1. Mwaka mzuri, B ingempa milioni 13, na njia ya pili inampa 16 kutoa 3, ambayo pia ni 13. Njia hizi mbili zinatoa fedha zilezile katika kila hali, hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba milioni 5 alizobaki nazo ni malipo ya kubeba hatari zaidi. Ni fedha za bure, na fedha za bure hazikai sokoni kwa muda mrefu: wenye hisa za B watauza, watanunua za A, mpaka bei zisawazishwe.

Upande wa pili unafanya kazi vilevile. Kama soko linaogopa deni na limezipa hisa za B milioni 2,000 tu, mwenye asilimia 1 ya A atauza kwa milioni 50, atanunua asilimia 1 ya hisa za B kwa milioni 20 na asilimia 1 ya deni la B kwa milioni 25. Atapokea milioni 7 za gawio na milioni 3 za riba, jumla milioni 10 kama zamani, na milioni 5 zitabaki mkononi. Kwa kushika hisa na deni kwa uwiano uleule amelifuta deni la kampuni kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya Modigliani na Miller: kile ambacho mwekezaji anaweza kukitengeneza au kukifuta mwenyewe kwa gharama ileile, hataongeza wala hatapunguza bei kwa sababu kampuni imemfanyia.

Watu wanaolijua soko letu hunikumbusha kwamba mtu binafsi hakopi kwa riba ya kampuni, na kwamba hisa katika soko la Dar es Salaam hazibadilishani mikono kwa wepesi unaodhaniwa na hesabu hii. Ni kweli. Mwekezaji wetu akitozwa asilimia 17 badala ya 12, mkopo wake wa milioni 25 utamgharimu milioni 4.25, na atabaki na milioni 5.75 badala ya 7. Kwa hiyo upande wa kwanza wa hoja unalegea. Upande wa pili, hata hivyo, haumhitaji kukopa hata senti moja, na kwa hiyo unabaki na nguvu zake. Ugumu wa kukopa binafsi ni sababu ya mtu kulipia kidogo zaidi deni la kampuni, si sababu ya kuamini kwamba deni lenyewe linazaa thamani.

Mahali ambapo unafuu unapotelea

Sasa turudi kwenye asilimia 12 na 20. Kama Kiwanda B kina thamani ya milioni 5,000 na deni ni 2,500, basi hisa zake ni milioni 2,500. Wanahisa hao wanapata wastani wa milioni 700, ambayo ni asilimia 28 ya mtaji wao. Wastani wa gharama ya mtaji wa kiwanda ni nusu ya asilimia 28 na nusu ya asilimia 12, yaani asilimia 20, ileile ya Kiwanda A. Unafuu wote wa deni umemezwa na ongezeko la mapato wanayodai wanahisa.

Ongezeko hilo si tamaa ya wanahisa. Katika Kiwanda A, mapato ya hisa ni asilimia 8 mwaka mbaya, 20 mwaka wa kawaida na 32 mwaka mzuri. Katika Kiwanda B ni asilimia 4, 28 na 52. Hatari ya biashara ni ileile, mbegu ni zilezile na mvua ni ileile, lakini hatari hiyo yote sasa imebebwa na mtaji wa hisa uliopungua nusu, kwa sababu mkopeshaji anapokea milioni 300 zake iwe masika au kiangazi. Umbali kati ya mwaka mzuri na mbaya ulikuwa pointi 24 na sasa ni pointi 48. Malipo ya ziada juu ya riba ya mkopo nayo yamekuwa maradufu sawasawa, kutoka pointi 8 hadi 16.

Kanuni ya pili inasema jambo hilo kwa mstari mmoja: mapato wanayodai wanahisa ni sawa na asilimia 20 kujumlisha uwiano wa deni kwa hisa, mara tofauti kati ya 20 na 12. Hapa uwiano ni 1, tofauti ni 8, na jibu ni 28. Kuna tarakimu moja ndani ya kanuni hii ambayo napenda kuwaonyesha watu kwa sababu inaondoa ukungu. Faida ikiwa milioni 600, Kiwanda A kinawapa wanahisa asilimia 12, na Kiwanda B, baada ya kulipa riba, kinawabakishia milioni 300 juu ya mtaji wa 2,500, ambayo nayo ni asilimia 12. Biashara inapozalisha sawa na riba ya mkopo, deni halina athari yoyote kwa mwanahisa. Juu ya hapo linamwinua, chini ya hapo linamdidimiza, na anaanza kudidimia mapema sana, wakati kampuni bado inaonekana ina faida.

Hapo ndipo ilipo hadaa ya faida kwa kila hisa. Kama Kiwanda A kina hisa milioni 5, kila moja inauzwa shilingi 1,000 na inapata faida ya shilingi 200. Kikikopa milioni 2,500 na kununua tena nusu ya hisa zake, faida ya milioni 700 itagawanywa kwa hisa milioni 2.5 na kuwa shilingi 280 kwa kila hisa. Ripoti ya mwaka itasema faida kwa kila hisa imepanda kwa asilimia 40, na itakuwa imesema kweli, lakini bei ya hisa itabaki shilingi 1,000. Soko lilikuwa likilipa mara 5 ya faida na sasa linalipa mara 3.6, kwa sababu shilingi 280 zenye misukosuko maradufu hazina ubora wa shilingi 200 za mwanzo. Anayechukua faida mpya na kuizidisha kwa mara 5 ya zamani atapata bei ya shilingi 1,400 ambayo haipo popote.

Hazina inapoingia mezani

Tulete sasa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30, kiwango kinachotumika kwa kawaida Tanzania na Kenya. Sheria ya kodi inaitambua riba kama gharama inayotolewa kabla ya kukokotoa kodi, lakini gawio kwa wanahisa halitambuliwi hivyo. Tofauti hiyo moja ndiyo chanzo cha yote yanayofuata.

Kiwanda A kinalipa kodi ya milioni 300 juu ya faida ya 1,000, na wanahisa wanapata 700. Kwa asilimia 20, thamani yake ni milioni 3,500. Kiwanda B kinatoa riba ya 300 kwanza, kinalipa kodi ya milioni 210 juu ya 700 zilizobaki, na wanahisa wanapata 490. Waliowekeza B, wakopeshaji na wanahisa pamoja, wanapokea 790, yaani milioni 90 zaidi ya wale wa A. Hizo 90 ni asilimia 30 ya riba ya 300. Ndiyo nafuu ya kodi itokanayo na riba.

Nafuu hiyo ya milioni 90 kila mwaka ina thamani gani leo? Swali hili ndilo lililowakwaza waandishi wenyewe. Mwaka 1958 walichukulia kwamba kampuni zenye hatari moja zina thamani inayolingana na jumla ya mapato yao baada ya kodi. Kwa hesabu hiyo, milioni 790 za B zingegawanywa kwa 0.20 na kutoa milioni 3,950, maana yake nafuu ya 90 ingethaminiwa kama vile ina hatari ya alizeti. Lakini haina. Riba ya 300 haibadiliki, na nafuu inayotokana nayo haibadiliki maadamu kampuni ina faida ya kutosha ya kuikata. Ni mapato yenye hatari ya deni, kwa hiyo yanapaswa kugawanywa kwa riba ya deni: 90 kwa 0.12 ni milioni 750. Hayo ndiyo masahihisho ya 1963, na kwa kuwa asilimia 12 inajitokeza juu na chini ya mgawanyo na kufutika, kinachobaki ni sentensi fupi kwamba thamani ya kampuni yenye deni ni thamani ya kampuni isiyo na deni, kujumlisha kiwango cha kodi mara deni:

```
V = 3,500 + 0.30 × 2,500 = 4,250
```

Anayetilia shaka jibu la 1963 anaweza kulipima kwa mbinu ileile ya mwekezaji wetu. Hisa za B zina thamani ya 4,250 kutoa 2,500, yaani milioni 1,750, na asilimia 1 yake ni milioni 17.5 zenye kuleta wastani wa milioni 4.9. Njia ya pili ni kununua asilimia 1 ya A kwa milioni 35 na kukopa binafsi, lakini safari hii milioni 17.5 tu, ambazo ni asilimia 70 ya zile 25 za mwanzo. A italeta milioni 7, riba itachukua milioni 2.1, na zitabaki 4.9. Fedha anazotoa mfukoni ni milioni 17.5 kwa njia zote mbili. Kama soko lingefuata hesabu ya 1958, hisa za B zingeuzwa kwa jumla ya milioni 1,450, na mtu angepata kwa milioni 14.5 kilekile kinachogharimu 17.5 kwa njia nyingine. Milioni 3 za bure zingekuwa zimelala njiani.

Safari hii anakopa pungufu kwa sababu kila shilingi ya riba inayolipwa na kampuni inachangiwa senti 30 na Hazina, ilhali yeye mwenyewe, kwa dhana ya nadharia, hachangiwi na mtu.

Sasa tuwahesabu wadai wote. Hazina inachukua asilimia 30 ya faida baada ya riba, katika mwaka mzuri kingi na katika mwaka mbaya kidogo, hivyo dai lake linafanana kabisa na la mwanahisa mwenye asilimia 30 asiyepiga kura. Katika Kiwanda A, dai hilo lina wastani wa milioni 300 kwa mwaka na thamani ya milioni 1,500, ambazo pamoja na 3,500 za wanahisa zinafanya milioni 5,000. Katika Kiwanda B, deni ni 2,500, hisa ni 1,750, na Hazina ina 750. Jumla ni milioni 5,000 tena. Kanuni ya kwanza haijavunjwa. Kiwanda kina thamani ileile kwa ujumla wa wadai wake, na kilichotokea ni kwamba milioni 750 zimehama kutoka kwa Hazina kwenda kwa waliokuwa wanahisa siku uamuzi wa kukopa ulipofanywa.

Ndiyo maana pia wanahisa wa B wanaendelea kudai asilimia 28: milioni 490 kugawanya kwa 1,750 ni 0.28, na milioni 210 za Hazina kugawanya kwa 750 ni 0.28 vilevile. Wote wawili wamepanda chombo kimoja. Wastani wa gharama ya mtaji ndio ulioshuka. Riba baada ya nafuu ya kodi ni asilimia 8.4, ina uzito wa 2,500 katika 4,250, hisa zina uzito wa 1,750, na wastani wake ni takriban asilimia 16.5 badala ya 20. Ukigawanya milioni 700, ambayo ni faida baada ya kodi kana kwamba hakuna deni, kwa wastani huo bila kuukadiria, utapata milioni 4,250. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye ripoti za tathmini ni mtu kuchukua milioni 790 na kuzigawanya kwa asilimia 16.5, hivyo nafuu ya kodi inahesabiwa juu na inahesabiwa tena chini, na kiwanda kinapata thamani ya karibu milioni 4,800. Dalili yake ni rahisi kuiona: thamani ya hisa ikijumlishwa na deni inaizidi ile iliyopatikana kwa njia ya kujumlisha nafuu.

Nani hasa anapata hizo 750? Kiwanda A kikiwa na hisa milioni 5, kila moja ni shilingi 700. Kikitangaza kwamba kitakopa 2,500 na kununua hisa zake, bei itapanda papo hapo hadi shilingi 850, kabla ya mkopo wenyewe kutolewa, kwa sababu hakuna mwanahisa atakayeuza kwa 700 ilhali anajua kinachokuja. Kampuni itanunua karibu hisa milioni 2.94 kwa 850, na hisa milioni 2.06 zitakazobaki zitakuwa na thamani ya 850 pia, jumla milioni 1,750. Aliyeuza na aliyebaki wamefaidi sawa. Mkopeshaji hakufaidi kitu zaidi ya riba yake ya haki.

Pale kanuni inapofika ukingoni

Ukiisoma sentensi ya 1963 peke yake, inaiambia kila kampuni ikope mpaka Hazina ibaki mikono mitupu. Kampuni hazifanyi hivyo, na sababu ziko ndani ya hatua tulizopitia.

Ya kwanza ni neno "kudumu". Milioni 750 zilipatikana kwa deni lisilopungua daima, na mikopo mingi ya benki hulipwa ndani ya miaka michache. Tuseme milioni 2,500 zinarejeshwa kwa mafungu matano sawa. Riba inakuwa 300, 240, 180, 120 na 60, na nafuu ya kodi ni 90, 72, 54, 36 na 18. Kwa thamani ya leo, kwa asilimia 12, jumla yake ni kama milioni 209. Anayezidisha deni kwa asilimia 30 katika mkopo wa namna hii amejipa nafuu zaidi ya mara tatu ya ile iliyopo. Katika kazi hii, kabla ya kutazama kitu kingine chochote, mimi hutafuta ratiba ya marejesho.

Ya pili ni kwamba nafuu haipo bila faida ya kukatwa, na sheria yenyewe imeweka mipaka. Tanzania, kwa kampuni ambazo asilimia 25 au zaidi ya umiliki wake iko kwa wasio wakazi au kwa taasisi zilizosamehewa kodi, riba hukubaliwa kwa deni lisilozidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji, na mtaji unaopimwa ni wa vitabuni, si wa soko. Kenya iliacha uwiano wa 3 kwa 1 na kuanzia mwaka 2022 ikatumia kipimo cha asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, pamoja na misamaha na marekebisho yake. Tukikichukulia kipimo hicho kwa Kiwanda B na kuuacha uchakavu pembeni, katika mwaka wa kawaida asilimia 30 ya 1,000 ni milioni 300, kwa hiyo riba yote inapita bila kubaki nafasi hata kidogo. Katika mwaka mbaya, asilimia 30 ya 400 ni milioni 120 tu. Milioni 180 za riba hazikatwi mwaka huo, kodi inatozwa juu ya 280 na kufikia 84, na baada ya kulipa benki 300 wanahisa wanabaki na milioni 16 badala ya 70. Nafuu tuliyoithamini kwa asilimia 12 kwa kuwa ni ya uhakika inageuka kuwa ya kubahatisha, na inapotea hasa katika mwaka inapohitajika.

Ya tatu inagusa milioni 1,000 zenyewe. Hoja yote ilisimama juu ya dhana kwamba kukopa hakubadilishi kinachozalishwa kiwandani. Wakulima wakisikia kwamba kiwanda kinahangaika na benki, wataacha kuleta mbegu kwa ahadi ya malipo ya baadaye na watazipeleka penye fedha taslimu. Faida ya wastani ikishuka kutoka 1,000 hadi 900 kwa sababu hiyo peke yake, thamani kabla ya nafuu inakuwa asilimia 70 ya 900 kugawanya kwa 0.20, yaani 3,150, na kiwanda kinapoteza milioni 350 kati ya zile 750. Hasara hii, tofauti na kodi, haihamii kwa mdai mwingine yeyote: jumla ya 5,000 yenyewe imepungua.

Ya nne ni kodi anayolipa mwekezaji mwenyewe, na Miller aliichambua peke yake katika makala ya mwaka 1977. Mkopeshaji akikatwa asilimia 15 ya riba na mwanahisa asilimia 5 ya gawio, shilingi 100 za faida zinazotoka kama riba zinamfikia mtu zikiwa 85, na zinazotoka kama gawio zinamfikia zikiwa 100 mara 0.70 mara 0.95, ambazo ni 66.5. Nafuu kwa kila shilingi ya deni ni 1 kutoa 66.5 kwa 85, takriban asilimia 22 badala ya 30, na milioni 750 zinashuka hadi kama 544. Kadiri kodi ya riba inavyopanda huku ya gawio ikibaki palepale, ndivyo nafuu inavyoyeyuka. Kodi ya riba ikifika asilimia 33.5, shilingi 66.5 zinamfikia mwekezaji kwa njia zote mbili, Hazina inapata kilekile kutoka A na kutoka B, na kampuni hizo mbili zinakuwa na thamani sawa ingawa kodi ya kampuni bado ni asilimia 30.